Alama ya robo kwenye tangi lililolala: kutafuta jawabu la mlinganyo kwa tanjenti

Matangi mengi ya dizeli yanayolisha jenereta hapa Mombasa, kuanzia viwanda vya Changamwe hadi hoteli za Nyali, ni mapipa marefu ya chuma yaliyolazwa ubavu. Pipa la kusimama halina taabu: mafuta yakifika nusu ya urefu, yako nusu. La kulala ni jambo jingine. Chini ni jembamba, katikati limetanuka, juu linakuwa jembamba tena, kwa hiyo kijiti cha kupimia hakiwezi kugawanywa sawasawa kama rula.

Fundi mmoja wa kuchomelea aliniuliza swali hili kwa ufupi kabisa: "Mwalimu, kipenyo ni sentimita mia na ishirini. Robo yake si thelathini? Basi alama ya robo tangi naikata hapo." Nikamwambia, "Fundi, ukiikata hapo utawahesabia wenye tangi mafuta ambayo hawana." Tangi lake lina kipenyo cha ndani cha mita 1.2 na urefu wa mita 2.65, yaani karibu lita 2,997 likijaa. Robo yake ni lita 749. Lakini mafuta yakiwa na kina cha sentimita 30, ndani mna lita 586 tu. Pengo la zaidi ya lita 160 linatosha kumfanya mlinzi wa usiku aamini jenereta itafika asubuhi, nayo isifike.

Kina sahihi cha robo hakipatikani kwa kuhamisha herufi huku na huku kwenye mlinganyo. Kinatafutwa kwa makisio yanayosahihishwa hatua kwa hatua, na njia bora ya kusahihisha hapa ni ile inayofuata tanjenti, maarufu kama njia ya Newton na Raphson. Newton aliiandika mwaka 1669 kwa milinganyo ya aina ya x³ − 2x − 5 = 0, Raphson akaichapisha kwa sura nyepesi zaidi mwaka 1690, na Simpson mwaka 1740 akaifikisha kwenye milinganyo ya kila namna, pamoja na ile yenye sini na kosini kama huu wetu.

Kwanza, andika mlinganyo vizuri

Chora duara, ambalo ni uso wa mbele wa tangi. Piga mstari wa mlalo kuonyesha usawa wa mafuta. Kutoka katikati ya duara, vuta mistari miwili hadi pale usawa wa mafuta unapokutana na chuma, kushoto na kulia. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili, upande wa chini, tuiite θ. Tangi tupu lina θ = 0. Likiwa nusu, θ = π. Likijaa, θ = 2π. Pembe zote hapa ni kwa radiani, na baadaye utaona kwa nini hilo si jambo la kupuuza.

Eneo la sehemu ya duara iliyo chini ya usawa wa mafuta ni

```
A = (r²/2) · (θ − sin θ)
```

Duara zima ni πr². Tukitaka eneo la chini liwe robo ya duara, r² inajifuta pande zote mbili na tunabaki na

```
θ − sin θ = π/2
```

Hamisha kila kitu upande mmoja ili upande wa pili ubaki sifuri:

```
f(θ) = θ − sin θ − π/2
```

Kazi yetu sasa ni kutafuta θ inayoifanya f iwe sifuri. Angalia kwamba nusu kipenyo kimetoweka. Pembe ya robo ni ileile kwa pipa dogo la lita 200 na kwa tangi la lori. Kipimo cha tangi kitarudi mwishoni tu, tutakapogeuza pembe kuwa kina:

```
h = r · (1 − cos(θ/2))
```

Kabla ya kuendelea, inafaa ujue f inasema nini kwa lugha ya fundi. Ukizidisha f kwa r²/2 na kwa urefu wa tangi, unapata ujazo. Kwa tangi hili, 0.18 × 2.65 = 0.477, yaani kila kizio kimoja cha f ni lita 477. f ikiwa hasi, kisio lako la pembe liko chini ya robo kwa lita hizo. Ikiwa chanya, limepita. Hii itatusaidia sana tutakapoamua lini tuache kukokotoa.

Pili, tanjenti inavyofanya kazi

Chukua kisio lolote la busara, tuliite θ₀. Kwenye grafu ya f, pale juu ya θ₀, kuna nukta. Piga mstari ulionyooka unaougusa mchoro kwenye nukta hiyo na kuelekea kulekule mchoro unakoelekea. Hiyo ndiyo tanjenti. Mchoro wenyewe umepinda na hatujui unakata mhimili wapi, lakini mstari ulionyooka tunajua kuutafutia mahali unapokatia. Basi tunaufuata huo mpaka kwenye mhimili, na pale unapokata panakuwa kisio letu jipya.

Mteremko wa tanjenti ni f′(θ). Kwa mlinganyo wetu,

```
f′(θ) = 1 − cos θ
```

Ukiwa umbali wa f juu ya mhimili, na mstari unashuka kwa mteremko wa f′, basi unapaswa kurudi nyuma f/f′ ili ufike sifuri. Kwa hiyo:

```
θ mpya = θ − f(θ) / f′(θ)
```

Hiyo ndiyo kanuni nzima. Kile kipande cha f/f′ nitakiita mruko, kwa sababu ndicho kinachosema kisio limesogea kiasi gani.

Tatu, tukokotoe

Kina cha sentimita 30 alichotaja fundi kinatoa pembe ya 2.09. Tunajua ni ndogo kidogo, lakini iko jirani, kwa hiyo tuanze na namba rahisi, θ₀ = 2.

sin 2 = 0.909297, hivyo f = 2 − 0.909297 − 1.570796 = −0.480094. Kwa lita, tuko chini kwa lita 229. Mteremko: cos 2 = −0.416147, hivyo f′ = 1.416147. Gawanya: −0.480094 ÷ 1.416147 = −0.339014. Kutoa hasi ni kujumlisha, kwa hiyo kisio jipya ni 2.339014.

Rudia palepale. Kwa θ = 2.339014, f = 0.049068. Sasa tumepita, na tofauti ni lita 23 tu. Mteremko ni 1.694855, mruko ni 0.028951, na kisio jipya ni 2.310063.

Mara ya tatu: f = 0.000304, ambayo ni kama lita 0.15. Mteremko ni 1.673746, mruko 0.000182, kisio jipya 2.309881.

Mara ya nne, mruko ni mdogo kiasi kwamba tarakimu sita za desimali hazibadiliki: 2.309881.

Tazama mwendo wa miruko: 0.339, halafu 0.029, halafu 0.00018, halafu kitu kisichofika hata sehemu moja ya milioni ya kizio. Karibu na jawabu, kosa jipya linalingana na mraba wa kosa la zamani, na ndiyo maana idadi ya tarakimu sahihi inakaribia kuongezeka maradufu kila hatua. Huu ndio mwendo wa afya. Usipouona, kuna jambo, na tutalifikia.

Sasa geuza pembe kuwa kina. Nusu ya 2.309881 ni 1.154941, kosini yake 0.403973, kwa hiyo h = 0.6 × 0.596027 = mita 0.3576. Alama ya robo inakatwa kwenye milimita 358 kutoka chini, si 300. Robo tatu haihitaji hesabu mpya: tangi ni sawa juu na chini, kwa hiyo ni 1,200 − 358 = milimita 842.

Kwa alama za thumuni, unabadilisha π/2 tu. Thumuni moja inatumia π/4 na kutoa milimita 219. Thumuni tatu inatumia 3π/4 na kutoa 481. Kutoka chini hadi nusu, basi, alama ziko 219, 358, 481 na 600. Nafasi kati yake ni 219, 139, 123, 119. Jicho la fundi litakubali mara moja, maana nafasi zinapungua kadiri tangi linavyotanuka.

Kwa kikokotoo cha kawaida

Huhitaji kompyuta. Kikokotoo cha shule kama Casio fx-82MS kinatosha, kwa sababu kina kitufe cha `Ans` kinachokumbuka jibu la mwisho. Kwanza bonyeza `MODE` mpaka zitokee `Deg`, `Rad` na `Gra`, uchague `Rad`. Juu ya kioo itokee herufi ndogo `R`. Kisha andika `2` na ubonyeze `=`. Halafu andika mstari huu wote:

```
Ans − (Ans − sin(Ans) − π÷2) ÷ (1 − cos(Ans))
```

Bonyeza `=` na utapata 2.339014. Bonyeza `=` tena bila kuandika chochote: 2.310063. Tena: 2.309881. Kila ubonyezapo, tanjenti moja imefuatwa.

Ukisahau kwenye digrii, mambo yanaharibika kwa namna ambayo ni rahisi kuitambua. Kwa θ = 2, kikokotoo kitasoma digrii mbili, kosini itakuwa karibu moja, mteremko utakuwa 0.0006, na kisio linalofuata litakuwa karibu −645. Tatizo si kwamba jibu limetoka kwa kipimo kingine, ulibadilishe tu mwishoni. Fomula ya eneo inataka radiani, na kanuni ya kwamba mteremko wa sini ni kosini ni kweli kwa radiani peke yake. Ukiona namba ya mamia baada ya hatua ya kwanza, tazama herufi iliyo juu ya kioo kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Nne, uache lini

Watu wengi huandika "rudia mpaka jibu lisibadilike" na kuishia hapo. Mimi sikubaliani na kanuni hiyo. Haisemi tarakimu ngapi, na haihusiani na kazi yenyewe. Kanuni ya kuacha itoke kwenye kijiti.

Fundi anakata alama kwa msumeno wa chuma, na hata akiwa makini hawezi kukata kwa usahihi zaidi ya nusu milimita. Basi tukitaka hesabu isichangie kosa lolote la kuonekana, tuombe kina kiwe sahihi kwa sehemu ya kumi ya milimita, yaani mita 0.0001. Kosa la pembe linageukaje kuwa kosa la kina? Kutoka kwenye fomula ya h, badiliko dogo la θ linabadilisha h kwa kiasi kisichozidi badiliko hilo likizidishwa kwa nusu ya r, ambayo hapa ni 0.3. Kwa hiyo tunaweza kuvumilia kosa la pembe la 0.0001 ÷ 0.3, yaani 0.00033. Nitachukua 0.0001 ili niwe na akiba.

Kanuni yangu ina masharti mawili yanayopaswa kutimia pamoja: mruko uwe chini ya 0.0001, na f yenyewe, ikigeuzwa kuwa lita, iwe chini ya kiasi unachojali. Kwa tangi hili nasema nusu lita, ambayo ni f chini ya 0.001. Juu ya hayo naweka kikomo cha hatua, tuseme 30, ili hesabu iliyopotea isizunguke milele.

Kwa nini masharti mawili na si moja? Kwa sababu kila moja peke yake linaweza kudanganywa na mteremko. Mruko ni f kugawanywa kwa f′. Mteremko ukiwa mkali sana, mruko utakuwa mdogo hata kama f bado ni kubwa, kwa hiyo sharti la mruko peke yake litakuacha njiani. Mteremko ukiwa karibu na sifuri, f itakuwa ndogo katika eneo pana la makisio, kwa hiyo sharti la f peke yake litakubali pembe iliyo mbali na ya kweli.

Katika mfano wetu, mruko wa tatu ulikuwa 0.000182, bado juu ya 0.0001, kwa hiyo tulipaswa kwenda hatua ya nne. Ukweli ni kwamba kisio lililotoka kwenye ule mruko wa tatu lilikuwa sahihi tayari kwa zaidi ya tarakimu saba. Mwendo ukiwa wa afya, mruko unapima kosa la kisio *ulilotoka nalo*, na lile unalofika nalo ni bora kwa mbali. Ndiyo maana kanuni ya mruko ni ya tahadhari katika hali ya kawaida. Lakini kuna mahali inageuka kuwa ya hatari.

Tano, pale tanjenti inapokosea

*Mahali bapa.* Mteremko wetu ni 1 − cos θ, na θ ikiwa sifuri, mteremko ni sifuri. Tanjenti inalala sambamba na mhimili na haiukati popote. Ukianza na θ₀ = 0, kikokotoo kitakuandikia ujumbe wa kosa, na hiyo ni heri, maana umeambiwa waziwazi. Hatari ni kuanza *karibu* na sifuri. Anza na 0.1: f ni −1.570630, mteremko ni 0.004996, na mruko unakutupa hadi 314.49. Pembe ya tangi haiwezi kuzidi 6.28. Hatua inayofuata inakurusha hadi hasi 5,500 na ushee. Baada ya hapo huwezi kutabiri. Pengine namba itaangukia mahali pazuri kwa bahati na kurejea kwenye jawabu, pengine isirejee. Kisio likitoka nje ya mipaka ya 0 na 2π, acha papo hapo. Usingoje uone kama litarudi.

Dawa ya tangi ni nzuri mno: anza kila mara na θ₀ = π, yaani tangi nusu, hata unatafuta alama gani. Si desturi tu, kuna sababu. Kati ya 0 na π, mchoro wa f umepinda kuelekea juu, kama sehemu ya chini ya bakuli, na tanjenti yake daima iko chini ya mchoro. Ukitafuta alama iliyo chini ya nusu, f kwenye π ni chanya, kwa hiyo tanjenti inakata mhimili kati ya jawabu na pale ulipo. Haiwezi kupita jawabu. Kila kisio linashuka kuelekea jawabu bila kulivuka: kwa robo, ni 3.14159, 2.35619, 2.31033, 2.30988. Kwa alama za juu ya nusu, kila kitu kinageuka kinyume na makisio yanapanda, tena bila kuvuka. Hapa tumepata hakikisho, si matumaini. Na linakupa njia ya kukagua: ukianza na π, kisha makisio yakageuza mwelekeo kwa zaidi ya tarakimu za mwisho, umekosea kuandika fomula.

*Mwendo wa kobe.* Sasa jaribu kutafuta alama iliyo chini kabisa. Kwa mfano uliopitiliza, weka sehemu ya sifuri, yaani f = θ − sin θ, ambayo jawabu lake tunalijua ni 0. Kuanzia π unapata 1.5708, kisha 1.0000, 0.6551, 0.4336, na kuendelea. Hakuna kuongezeka maradufu kwa tarakimu. Kila kisio ni kama theluthi mbili ya lililotangulia. Sababu ni kwamba karibu na sifuri, θ − sin θ ni takriban θ³/6 na mteremko ni takriban θ²/2. Ukigawanya unapata θ/3, kwa hiyo kila mruko unaondoa theluthi moja tu ya umbali. Jawabu lenyewe limekaa mahali bapa.

Na hapa ndipo kanuni ya mruko inapodanganya. Mruko ni theluthi ya umbali, na kinachobaki baada yake ni theluthi mbili. Mruko ukisomeka 0.0001, bado uko 0.0002 kutoka kwenye jawabu, mara mbili ya mruko wenyewe. Kwenye mwendo wa afya mruko ulikuwa ukisema kosa kubwa kuliko lililopo. Hapa unasema dogo kuliko lililopo. Namna ya kutambua ni kugawanya kila mruko kwa ule uliotangulia. Uwiano ukishuka haraka kuelekea sifuri, mambo ni sawa. Uwiano ukisimama karibu na 0.67, uko kwenye jawabu la namna hii. Ukisimama karibu na 0.5, jawabu lako ni la kugusa tu, pale mchoro unapougusa mhimili bila kuukata. Kwa vyovyote, uwiano usiposhuka, usiamini mruko.

Hakuna anayekata alama ya sifuri, bila shaka. Lakini alama za asilimia moja au mbili ya tangi zinakaa jirani na eneo hili, na utaona hatua za mwanzo zikijikokota kwa theluthi mbili kabla mwendo haujachangamka. Subiri, utachangamka. Kuanza na namba ndogo ili "kuokoa muda" ndiko kunakokurusha hadi 314.

*Kuzunguka.* Tangi halina ugonjwa huu ukianza na π, lakini ukiichukua njia hii kwenda nayo kwenye mlinganyo mwingine, utakutana nao. Chukua x³ − 2x + 2 = 0 na uanze na 0. f ni 2, mteremko ni −2, kisio jipya ni 1. Kwenye 1, f ni 1 na mteremko ni 1, kisio jipya ni 0. Umerudi ulipoanza, na utakwenda hivyo milele: 0, 1, 0, 1. Jawabu lipo, karibu na −1.769, lakini tanjenti za hapo zinaangaliana zenyewe kwa zenyewe. Mruko haupungui kamwe, hubaki 1. Kikomo cha hatua ndicho kinachokuokoa, na dawa ni kubadilisha mahali pa kuanzia. Ukianza na −2, hatua ya kwanza tu inakupeleka −1.8.

Sita, ifungie uzio

Kwa kijiti cha alama nyingi, andika programu fupi. Mimi huongeza uzio: nashika pembe ya chini ambako f ni hasi na ya juu ambako f ni chanya. Jawabu liko kati yao. Tanjenti ikitaka kuruka nje ya uzio, naikataa na kuchukua katikati ya uzio badala yake. Katikati ni mwendo wa polepole, lakini haupotei.

```python
from math import sin, cos, pi

def pembe(sehemu, usahihi=0.0001, kikomo=30):
    chini, juu = 0.0, 2*pi
    t = pi
    for hatua in range(kikomo):
        f = t - sin(t) - 2*pi*sehemu
        if f > 0:
            juu = t
        else:
            chini = t
        mpya = (chini + juu) / 2
        m = 1 - cos(t)
        if m > 0 and chini <= t - f/m <= juu:
            mpya = t - f/m
        baki = mpya - sin(mpya) - 2*pi*sehemu
        if abs(mpya - t) < usahihi and abs(baki) < 0.001:
            return mpya
        t = mpya
    return None

t = pembe(0.25)
print(1000 * 0.6 * (1 - cos(t/2)))
```

Kwa robo itachapisha 357.6 na tarakimu nyingine zisizokuhusu. Ikirudisha `None`, hatua 30 zimekwisha bila masharti yote mawili kutimia. Usichukue kisio la mwisho ukalikata kwenye kijiti, chapisha kwanza miruko yote uone ni ugonjwa upi kati ya ile niliyoieleza.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna tanjenti itakayoyaona. Fomula ya eneo inachukulia kwamba mifuniko ya mwisho ni bapa. Tangi lenye mifuniko iliyobinuka nje lina mafuta ya ziada, na ziada hiyo haigawanyiki kwa uwiano uleule wa θ. Na tangi lililoinama, hata kidogo ili uchafu uelekee kwenye bomba la kutolea, litasoma tofauti kulingana na tundu la kijiti liko upande gani. Pima usawa wa tangi kwa pima maji kabla ya kukata chochote, halafu, dizeli ya kwanza ikiletwa, simamisha mita ya pampu ya lori kwenye lita 749 na uchovye kijiti. Kikilowa mpaka milimita 358, endelea na alama nyingine. Kikikosa kwa sentimita nzima, hesabu haina kosa la tarakimu; pima upya kipenyo cha ndani, kwa sababu fundi wengi hutaja cha nje.